Kabla hujampa saplaya mpya oda ya kwanza: jinsi nilivyomchunguza muuza samaki wa kantini yetu hapa Tanga

Mimi nafanya manunuzi kwenye kantini inayolisha kambi ya wafanyakazi wa ujenzi nje kidogo ya mji, watu kama 400 hivi kwa mlo mmoja, na samaki wako kwenye menyu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Saplaya wetu wa zamani alituachia simu imezimwa Ijumaa moja asubuhi, saa kumi na mbili jiko lishawashwa, na siku hiyo watu 400 walikula maharage huku wananitazama mimi kama ndo nimewala hao samaki. Baadae nikaja kujua yule bwana hakuwa tapeli hata kidogo, alikuwa kaishiwa tu, anatudai sisi hela ya wiki saba na yeye wenye boti wanamdai, wakagoma kumpa mzigo. Nilipomchukua nilikagua makaratasi yake yote na yalikuwa safi kabisa. Sikuwahi kujiuliza kama anaweza kuishi kwa jinsi sisi tunavyolipa.

Kwahiyo safari hii nilipopata mwingine, nimwite Bwana Changu maana jina lake halina haja humu, nilikaa naye wiki tatu kabla ya kusaini chochote. Naandika hatua kwa hatua nilichofanya na nilichokikuta, anayenunua kitu kingine kama mchele au kuku abadilishe mwenyewe pale panapohusu samaki.

Hatua ya kwanza: jua unahitaji nini, kabla hujamuuliza yeye ana nini

Hii watu wengi wanairuka. Unamuuliza saplaya "una uwezo gani", anakwambia "tani moja kwa wiki bosi, hamna shida", na wewe unaandika tani moja kwenye daftari kama vile umepata jibu.

Piga hesabu zako kwanza. Sisi kila mtu anapata kipande cha gramu 250 hivi kikiwa kibichi kishasafishwa, kwa watu 400 hiyo ni kilo 100. Samaki mzima ukimtoa kichwa, matumbo na magamba unapoteza kama theluthi, inategemea na aina, kwahiyo kupata kilo 100 safi lazima apokelewe kilo 150. Mara mbili kwa wiki inakuwa kilo 300. Sasa swali langu kwa Bwana Changu halikuwa tena una uwezo gani, lilikuwa unaweza kunifikishia kilo 150 za baridi saa kumi na moja alfajiri Jumanne na Ijumaa, kila wiki, mpaka miezi ya kusi? Hilo swali linaweza kuchunguzwa, la tani moja haliwezi.

Hatua ya pili: usajili, na kazi yenyewe ni kulinganisha majina

Omba nakala ya cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA cha mwenye biashara, na kama kasajiliwa VAT omba na VRN. Kwa samaki ulizia pia leseni ya upande wa uvuvi, na ukiwa na shaka nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri, ndo anayewajua wafanyabiashara wa mwaloni. Watu wanapokea hizi nakala wanazibana kwenye faili wanasema tumemaliza, kumbe bado hujaanza.

Zitandaze zote mezani uangalie jina moja moja. Kwenye prefoma ya Bwana Changu juu kabisa kaandika jina la biashara na mwishoni "Limited". Nikaingia kwenye mfumo wa BRELA, ors.brela.go.tz, nikatafuta lile jina, kampuni hakuna, kilichopo ni jina la biashara tu. Nilivyomuuliza akacheka, aliyemtengenezea ile karatasi kule stesheneri ndo aliongeza ili ipendeze. Hakuwa na nia mbaya ila tofauti yake ni kubwa. Kampuni ni mtu wake kisheria, inaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, jina la biashara ni kama kofia tu, aliyevaa ndo unayeingia naye mkataba. Ukisaini na "Limited" isiyokuwepo siku ya kesi utakuwa unamtafuta nani? Tukaandika mkataba kwa majina yake matatu kama yalivyo NIDA, kisha "anayefanya biashara kwa jina la" ndo lile jina la BRELA likafuata. Ukikuta ni kampuni kweli, lipia ile taarifa rasmi ya BRELA uone wakurugenzi ni kina nani, wenye hisa kina nani, na kama kuna benki imeandikisha dhamana juu ya mali zake.

Leseni ya biashara isome, usiiangalie tu. Ina aina ya biashara, ina mahali, ina tarehe ya kuisha. Nishaona leseni ya duka la vyakula vya rejareja inatumika kuombea tenda ya mbao. Ya Bwana Changu ilikuwa ya samaki na sehemu ni ileile ila imebaki wiki mbili iishe, nikaandika tarehe kwenye kalenda yangu ya ukutani, sikumkatalia kwa hilo.

Kilichonifurahisha, au tuseme kilichonitisha, ni risiti. Nilimwambia aniletee risiti ya EFD ya mauzo yake ya karibuni, yoyote ile. Akaleta. Ukishika risiti ya EFD usiishie kuangalia kiasi, chukua ile namba ya uhakiki iliyoko chini uingize verify.tra.go.tz au skani ile alama ya kuskani, itakuletea jina la aliyeitoa na TIN yake. Ya huyu bwana ikaleta jina la hadweya, duka la misumari na saruji! Alikuwa anaazima mashine kwa jirani. Kiofisi hiyo ni hatari kubwa, maana matumizi yako unayathibitisha TRA kwa risiti, na risiti ya muuza misumari haiwezi kuthibitisha kwamba ulinunua vibua. Nikamwambia bila mashine yako mwenyewe hatuendi mbele. Ilimchukua siku tisa akapata.

Na mwisho kwenye usajili, akaunti. Lipa namba aliyonipa ilikuwa na jina la mke wake. Tena najua kabisa nyumba nyingi ndivyo zinavyoishi, na huyo mke ndo anayeshika hesabu vizuri kuliko yeye, lakini hela ya kampuni ikienda kwa mtu ambaye hayumo kwenye mkataba, kesho mmoja akisema hajapokea huna pa kushika. Jina la BRELA, jina la TIN, jina la leseni na jina la akaunti yote yakubaliane au yawe ya mwenye biashara. Akafungua akaunti kwa jina la biashara.

Hatua ya tatu: uwezo, na hapa ndo nenda mwenyewe kwa miguu yako

Nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya pili bila kusema, tena saa za kazi yake, na kazi ya samaki ni alfajiri.

Mara ya kwanza nilipokelewa na soda. Kuna chumba kina friza sita zile ndefu za kulala, za lita 500 hivi kila moja, zimepangwa vizuri, akafungua mbili zina samaki mpaka juu. Ukiona friza sita unasema huyu ana uwezo. Ngoja kwanza. Friza ya namna hii imetengenezwa kutunza kitu ambacho kishaganda, kugandisha kitu cha moto ni kazi nyingine. Nyuma au ubavuni kuna kibandiko, kitafute sehemu imeandikwa kilo kwa saa 24, ndo uwezo wake wa kugandisha. Zake zilisoma 28. Maana yake ukimimina kilo 100 za samaki watokao baharini humo kwa mpigo, wale wa katikati watakaa na joto usiku mzima huku juu unaona barafu imeshika. Friza sita zote zikifanya kazi ni kama kilo 168 kwa siku, ingetutosha kwa kubana.

Zinafanya kazi zote? Hapa niliomba kitu ambacho hakukitegemea, meseji za LUKU za miezi mitatu. Friza kama hizo kwa joto la Tanga, inayofunguliwa kila saa, inakula uniti 2 mpaka 3 kwa siku. Sita ni uniti 12 hadi 18 kwa siku, kwa mwezi ni 360 kwenda juu. Tukakaa kwenye benchi tukajumlisha kwenye simu yake, mwezi mmoja 170, mwingine 182, mwingine 165. Nikamtazama, akainamisha kichwa akacheka. Nilivyorudi alfajiri ya Alhamisi bila taarifa nikakuta tatu zinanguruma, moja kati ya zilizozima imejaa nyavu na viatu vya watoto. Saplaya anaweza kukusimulia chochote, uniti za umeme hazina ujirani na mtu. Na hii inafaa kwa biashara nyingi, mashine ya kusaga, ya kuranda, karakana ya kuchomea, kila chenye moto kina meseji zake.

Sasa hapo nilikuwa nimuache? Nilikaribia. Lakini nilipofikiria vizuri, sisi hatuhitaji samaki wa kugandisha, tunahitaji wabichi waliolala kwenye barafu usiku mmoja tu. Kwahiyo kinachobana si friza, ni barafu na maboksi ya kuhifadhia baridi. Kipimo cha kawaida kwenye nchi za joto kama huku ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kilo 150 za samaki na kilo 150 za barafu zinataka nafasi ya kama lita 450, maana barafu ya kuponda ina hewa nyingi. Bwana Changu alikuwa na maboksi mawili ya lita 100. Hayo kwa haki yanabeba kilo 65, 66. Zaidi ya hapo anachofanya ni kupunguza barafu ili samaki waenee, na ndivyo wanavyofanya wengi, ukifungua juu unaona barafu nzuri, ukizamisha mkono chini unakuta uvuguvugu.

Msichukulie hili kirahisi hasa mkinunua jodari na vibua. Hao wakikaa na joto wanatengeneza sumu ya histamini, na ikishaingia haitoki kwa kupika wala kukaanga. Mtu anakula, muda si mrefu uso unamwiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, na kwa kantini ni watu 400 kwa pamoja. Mimi nina kipimajoto cha kuchoma, nakizamisha kwenye mnofu mnene wa samaki wa chini kabisa ya boksi. Ikisoma juu ya 4 sipokei, na hilo limeandikwa kwenye mkataba.

Bado nipo kwenye uwezo, kuna jambo la mwezi, na hili ukiwa si mtu wa pwani linakupita. Nilimwomba daftari lake la manunuzi la miezi mitatu, lile lenyewe lenye madoa ya samaki, siyo lililonakiliwa upya kwa kalamu moja. Nikaweka pembeni kalenda ya Kiislamu. Vibua na dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza, kwahiyo kuanzia siku ya 12, 13 ya mwezi wa Kiislamu mpaka ya 17 hivi mwezi unapokuwa mkubwa, wale wa ringneti wanapumzika, wanashona nyavu. Daftari la kweli lazima lionyeshe hilo shimo. La kwake lilionyesha, wiki moja kilo 520, inayofuata 460, halafu 110, kisha 390. Hiyo 110 ilinipa imani kuliko zile kubwa! Mwombaji mwingine aliyekuja kabla yake aliniletea daftari lenye kilo 400 kila wiki, mbalamwezi na giza sawa, nikamshukuru nikamsindikiza mpaka mlangoni.

Swali linalofuata ni hili, mwezi ukiwa 15 na ni siku yangu ya Ijumaa, unanipa nini? Akasema anachukua changu na tasi kwa watu wa mshipi na madema, Kigombe na Moa, hao hawategemei giza. Sawa, nipe namba za wawili. Na miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo unapiga ngalawa hazitoki? Hapo akasema ukweli kwamba kuna siku atakosa, na tukakubaliana akijua kesho kuna upepo anapiga simu kabla ya saa mbili usiku ili mpishi abadilishe menyu.

Mara moja nikichepuka. Ukiwa pale mwaloni kata samaki mmoja. Ukikuta tumbo limevilia damu ndani, uti wa mgongo umevunjika na hakuna alama ya ndoana wala wavu, huyo kuna uwezekano kauawa kwa baruti, na Tanga tunalijua hilo tatizo kwa miaka mingi. Ni haramu kisheria, na mnofu wake unaharibika haraka. Saplaya anayechukua mzigo huo atakuingiza na wewe kwenye kesi.

Hatua ya nne: kumuulizia kwa watu

Akikupa majina matatu ya wateja, jua amekupa watatu wanaompenda. Wapigie tu, ila usiulize "ni mtu mzuri?" maana Tanga hakuna atakayekwambia mwenzie ni mbaya kwa simu. Uliza vitu vyenye namba. Mara ya mwisho alichelewa lini, na alipiga simu yeye au mlimtafuta? Mliwahi kurudisha mzigo, kilo ngapi, alifanya nini? Mnamlipa baada ya siku ngapi? Na usiishie kwa meneja, mwombe akupe anayepokea mzigo jikoni. Meneja wa sehemu moja aliniambia hajawahi kuwa na tatizo hata siku moja, dada wa stoo palepale akaniambia "ni mzuri ila ukimwambia kilo 60 analeta 52, halafu anasema zilizobaki anakuja nazo jioni". Namba kama hiyo mtu haitungi, nikajua dada anasema kweli. Mmoja kati ya hao watatu alikuja kuwa shemeji yake, mwenye mgahawa, tulicheka tukaachana.

Ila simu zenye faida zaidi ni za upande wa pili, wanaomuuzia yeye. Nilienda kwa anayemuuzia barafu na kwa manahodha wawili pale Dipsii, na nikapita kwa kiongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi pale ufukweni. Mteja anajua saplaya anavyopeleka, anayemdai anajua saplaya anavyoishi. Niliuliza kwa adabu zote, salamu ndefu kwanza, kahawa, halafu, "Mzee, huyu kijana tunataka kufanya naye kazi, mzigo anauchukua kwa mkopo au keshi?" Nahodha mkubwa akaniambia, "Analipa keshi palepale. Akikosa hachukui. Hana ukubwa ila hana deni." Muuza barafu akasema anadai elfu 60 ya wiki hii na huwa inalipwa Jumamosi. Kwa yule saplaya wetu wa zamani ningefanya hivi ningeambiwa siku hiyohiyo kwamba boti tatu zinamdai, maana mwaloni kila mtu anajua.

Hatua ya tano: hali ya hela, na hii ndo niliyoikosea mwanzo

Mfanyabiashara wa kiwango hiki hana mahesabu yaliyokaguliwa, usimsumbue. Omba stetimenti ya benki ya miezi sita yenye muhuri wa benki, na stetimenti ya simu, hiyo aiombe mbele yako kwenye simu yake ikuingilie moja kwa moja, maana karatasi ya kuchapwa inabadilishika kirahisi.

Salio la mwisho halina maana, mtu anaweza kuazima hela akaiweka siku mbili. Angalia mambo mawili tu. Kwanza hela kubwa iliyoingia na kutoka kwa mtu yuleyule ndani ya siku chache, hiyo ni ya kupamba. Kwake kulikuwa na milioni 4 zimeingia mara moja, akaeleza ni boti ya kaka yake imeuzwa na akaonyesha makubaliano ya mauzo. Pili malipo ya kiasi kilekile kwenda namba ileile kila wiki, hilo ni rejesho la mkopo. Alikuwa na 85,000 kila Ijumaa, kikundi cha kukopeshana, zimebaki wiki sita. Baada ya hapo nikachukua salio la kila Jumatatu kwa miezi sita nikapata wastani, kwake ni kama milioni 3.1. Huo ndo mtaji wake wa kuzunguka, usikilize stetimenti kuliko mdomo.

Sasa uweke huo mtaji mbele ya masharti yako ya malipo. Sisi kampuni tunapokea invoisi mwisho wa mwezi na kulipa siku 30 baadae. Yeye ananunua kwa kilo shilingi 8,000 keshi mwaloni, anatuuzia 10,000. Kwa wiki, kilo 300 zinamtoka milioni 2.4, weka laki 2 ya barafu, toyo na vibarua, ni milioni 2.6. Samaki aliyeleta tarehe moja analipwa siku ya 60. Mpaka siku hiyo ameshanunua wiki nane, milioni 20.8, na mfukoni ana 3.1. Zinapungua milioni 17.7.

Atazitoa wapi? Benki haimpi, hana hati ya nyumba. Ataenda kausha damu. Tuseme kapata wa asilimia 10 kwa mwezi, na hao kwa viwango vya mtaani ni wapole, riba ni milioni 1.77 kwa mwezi. Faida yake kwetu ni laki 4 kwa wiki, milioni 1.6 kwa mwezi. Yani kila mwezi anaotuhudumia vizuri anazama kwa laki moja na sabini. Mwezi wa tatu anazima simu na mimi nasema saplaya wa Tanga waja leo waondoka leo. Nilipeleka hii karatasi kwa mhasibu wetu, akaisoma mara mbili akaniuliza, "Kwahiyo yule wa kwanza tulimuua sisi?" Nikamwambia sisi na riba.

Ukipiga hesabu hii una njia tatu. Unamkataa, unabadilisha malipo, au unapunguza oda. Hatukuweza kumkataa kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa kinarekebishika. Tukabadilisha malipo, invoisi kila Jumamosi, hela inaingia Ijumaa inayofuata. Hapo anahitaji kushikilia wiki mbili tu, milioni 5.2, bado inazidi 3.1. Kwahiyo tukapunguza na oda, tukampa nusu, kilo 75 kwa mara moja, hapo wiki mbili ni milioni 2.6 na inaingia kwenye mtaji wake na kabaki na cha kulipia lile rejesho. Nusu nyingine tunachukua kwa mama mmoja anayetuuzia kwa keshi, ghali kidogo, lakini tuna miguu miwili.

Hatua ya sita: mwezi wa majaribio, uupange upite kwenye mwezi mkubwa

Kilo 75 zilihitaji kama lita 225 za boksi, yeye ana 200. Sharti la kuanza likawa boksi moja la ziada, akanunua la lita 100. Tukaandika kwenye karatasi moja ya mkataba wa majaribio wa wiki nne: uzito unapimwa kwetu siyo kwake, joto lisizidi 4, kilichokataliwa kinarudi naye palepale, akipungukiwa anasema kabla ya saa mbili usiku, na zikipungua zaidi ya kilo 10 mara tatu bila simu tunaachana. Nakala za leseni na tarehe za kuisha nikazibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Salio la kila Jumatatu nitaliomba tena baada ya miezi mitatu kabla ya kumuongezea kilo, hajakataa.

Wiki mbili za mwanzo alileta 75, 76, 74, 75, zote joto 2 na 3. Hizo hazikunipa kazi, zilikuwa za giza. Wiki ya tatu Ijumaa iliangukia mwezi 15. Alhamisi saa moja na nusu usiku simu ikaita, "Shikamoo dada, kesho vibua hamna, nina changu wa Kigombe kilo 62, nilete?" Nikamwambia leta, nikampigia mama wa keshi aongeze 13.